Kueleza Upya Maandiko ya Masoko Bila Kuiba

Mwaka 1960 Theodore Levitt alichapisha katika jarida la Harvard Business Review makala ambayo bado inasomwa sana na wanafunzi wa masoko. Mfano wake mmoja ni wa reli za Marekani. Haja ya kusafiri na kusafirisha mizigo haikupungua, ila kampuni za reli zilijiona ziko katika biashara ya treni badala ya biashara ya usafiri, zikawaacha wateja wahamie kwenye magari na ndege.

Mwanafunzi anayeiingiza hoja hii katika insha mara nyingi hukosea kwa sababu huandika huku makala iko wazi mbele yake. Chukulia sentensi ya chanzo inasema: “Kampuni inayojali bidhaa kuliko haja ya mteja hupoteza soko.” Yeye anaandika: “Shirika linalothamini bidhaa zaidi ya hitaji la mnunuzi hukosa soko.” Maneno yamebadilika, lakini mpangilio wa sentensi ni uleule, na huo ni wizi wa maandishi hata jina la mwandishi likiwekwa. Kutafsiri kutoka Kiingereza nako hakumwondolei mtu wajibu wa kutaja chanzo.

Njia salama ni kusoma aya nzima, kufunika kitabu, kisha kuandika hoja kama anayemweleza mwenzake: “Levitt (1960) anaona kwamba reli zilikwama kwa kutojua zilikuwa zikiuza nini hasa, abiria alitaka kufika, si kupanda treni.” Baada ya hapo kitabu hufunuliwa ili kuhakiki mambo mawili: kwamba maana haikupotoshwa, na kwamba hakuna kifungu kilichojipenyeza kama kilivyo. Kikionekana, kiwekwe ndani ya alama za kunukuu pamoja na namba ya ukurasa. Istilahi za fani, kama “mgawanyo wa soko”, hazihitaji kubadilishwa. Kuzilazimishia visawe huharibu maana.

Kwa mtindo wa APA, jina na mwaka hutajwa hoja inapoanza. Kusubiri mwisho wa aya ndefu humfanya msomaji ashindwe kujua maneno ya Levitt yaliishia wapi na maoni ya mwanafunzi yakaanzia wapi. Waandishi wawili hutajwa wote: (Kotler na Keller, 2016). Wakiwa watatu au zaidi hutajwa wa kwanza tu: (Parasuraman na wenzake, 1988).

Panapohitaji uangalifu zaidi ni chanzo kilichosomwa kupitia kingine. Bidhaa, bei, mahali na promosheni ni mpangilio wa McCarthy, lakini wengi huukuta kwa Kotler. Asiyemsoma McCarthy mwenyewe huandika: (McCarthy, 1960, kama alivyotajwa na Kotler na Keller, 2016). Katika orodha ya marejeo huingia Kotler na Keller peke yao, kwa kuwa hicho ndicho kitabu kilichosomwa.