Vitabu vya Kupeleka Gerezani

Najitolea kufundisha wafungwa katika gereza moja hapa Kenya, na nakuomba uchague vizuri kabla ya kutuletea boksi la vitabu. Vya KCPE hutufikia kwa wingi, ilhali mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Tunahitaji vya KCSE, hasa vya hisabati vyenye majibu nyuma, kwa sababu mfungwa husoma peke yake baada ya kufungiwa jioni, wala hana wa kumsahihishia.

Pili, leteni Katiba ya 2010 kwa Kiswahili, pamoja na maelezo mepesi ya rufaa. Aliyehukumiwa na hakimu ana siku 14 tu za kukata rufaa Mahakama Kuu. Asipolijua hilo mapema siku zinampita, na itambidi aiombe mahakama kwanza imruhusu kuchelewa.

Kwa ufundi, tunataka vya useremala na ushonaji vyenye michoro na vipimo. Riwaya nazo hupita mkono hadi mkono mpaka jalada ling'oke.

Tafadhali pekua kurasa uondoe barua na pesa zilizosahaulika, maana askari hukagua kila kitabu langoni. Kisha ambatisha orodha ya vitabu vyote.