Povu Halikuibii Bia

Jumamosi moja jioni, kwenye baa yenye jiko la nyama choma pale Sinza, mhudumu alinimiminia bia kwa mkono mtulivu kweli. Aliinamisha glasi, akaiacha bia iteleze ubavuni taratibu mpaka ikafika ukingoni bila povu hata la kufunika kucha. "Hapo hujapunjwa, kaka," akaniambia. Baada ya dakika chache ilikuwa kama chai ya rangi iliyopoa: rangi ipo, harufu hakuna.

Wateja wengi huliona povu kuwa wizi. Kwa bia ya bomba wasiwasi huo una msingi, ndiyo maana Ujerumani glasi za baa huwa na mstari wa kipimo, na povu hukaa juu ya mstari. Lakini ukinunua chupa ya nusu lita, nusu lita yako iko pale pale. Povu ni bia hiyo hiyo iliyojaa hewa, na likitulia hurudi kuwa bia.

Hewa yenyewe ni hewa ukaa, ile iliyofungiwa ndani ya chupa. Ukimimina, hutoka kwa viputo. Viputo vya soda hupasuka papo hapo, ila vya bia hudumu kwa sababu shayiri huacha protini ndani yake, na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, huacha vitu vinavyoshikamana na protini hizo. Kwa pamoja hutengeneza ngozi nyembamba inayokizunguka kila kiputo.

Adui wa ngozi hiyo ni mafuta. Tone dogo likigusa kiputo husambaa juu yake, huzisukuma protini pembeni, na kiputo hupasuka. Glasi inayooshwa kwa sponji iliyotoka kusugua sufuria ya mchuzi hubaki na utando wa mafuta hata kama inang'aa. Mabaki ya sabuni nayo huliua povu vile vile.

Nyumbani nilizijaribu glasi zangu kwa chumvi. Unailowesha glasi kwa maji, unayamwaga, kisha unanyunyizia chumvi ukutani kwa ndani. Palipo safi maji hutanda sawasawa na chumvi hushika. Penye mafuta maji hujikusanya matone na chumvi huporomoka. Glasi niliyokuwa nikijivunia ilishika chumvi kama umande upande mmoja, na upande wa pili ikaacha upara wa upana wa kidole gumba. Sasa glasi za bia zina sponji yake. Naziosha kwa maji ya moto na sabuni kidogo, nazisuuza mpaka utelezi uishe, kisha nazifudikiza juu ya chanja zijikaushe zenyewe. Kitambaa cha jikoni hakizigusi.

Baa huwezi kubeba chumvi, lakini tazama ukuta wa glasi ikishajaa. Viputo vikiganda ubavuni badala ya kupanda juu, hapo pana uchafu. Glasi ikiwa safi, kila funda huacha pete ya povu ukutani. Na kama unakula nyama choma, futa midomo kwanza, maana mafuta ya mdomoni hayachagui glasi.

Kumimina kwenyewe ni rahisi. Isuuze glasi kwa maji baridi, kwa kuwa ukuta mkavu hutibua bia ikafura ovyo. Iinamishe nusu, mimina ubavuni mpaka ifike katikati, halafu isimamishe wima na uelekeze bia katikati ya glasi. Ongeza kasi kidogo mpaka povu lifike vidole viwili. Mdomo wa chupa usiguse glasi. Bia ya moto hufura zaidi, kwa hiyo nayo uimimine polepole. Hewa usiyoitoa kwenye glasi itatokea tumboni, na hapo ndipo watu hulalamika kujaa gesi.

Faida kubwa ni ya pua. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu, na kila kiputo kinachopasuka juu huirusha hewani. Ukinywa kwenye chupa, pua iko nje na tundu ni dogo. Glasi yenye tumbo pana na mdomo uliobana hukusanya harufu pale pua inapofika, ilhali glasi iliyonyooka na kupanuka juu huiachia itawanyike. Jaribu na stauti: nusu kwenye glasi ya mvinyo, nusu kwenye glasi ya kawaida. Ile ya mvinyo itakunukia kahawa na shayiri iliyokaangwa kabla hujainywa. Kwa laga nyepesi iliyotoka kwenye friji ikiwa ya barafu, tofauti ni ndogo mno, maana baridi huifunga harufu. Hapo sioni sababu ya kuhangaika na umbo la glasi.

Usafi ndio nisioachia. Ukiletewa glasi yenye viputo vilivyoganda ukutani, omba nyingine, na kama baa haina, kunywa kwenye chupa. Mimi pale Sinza nafanya hivyo.