Tumepoteana, si Umepotea

Namba yake nilikuwa nayo kwenye simu kwa miezi saba kabla sijamwandikia. Tulilala kitanda kimoja cha dabo deka, yeye juu na mimi chini, tangu kidato cha kwanza mwaka 1996 hadi tulipofunga matranka baada ya mtihani wa kidato cha nne mwaka 1999. Baada ya hapo barua mbili tatu, kisha kimya. Kila nilipofungua jina lake kidole kilisita, nikaona nitaandika kesho.

Nilidhani tatizo hilo ni langu peke yangu. Kumbe watafiti wawili, Lara Aknin wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Kanada na Gillian Sandstrom wa Chuo Kikuu cha Sussex nchini Uingereza, walilichunguza na kutoa matokeo mwaka 2024. Waliwatafuta watu wenye rafiki wa zamani wanayetamani kumpata, wenye namba au anwani yake, wakawapa na muda wa kuandika palepale. Waliotuma ujumbe walikuwa takribani thuluthi moja tu. Rafiki aliyepotea miaka mingi huanza kuonekana kama mtu baki, na kumwandikia kunakuwa kama kumsimamisha mpita njia. Kilichosaidia kilikuwa kitu chepesi: walioanza kwa dakika tatu za kuwaandikia marafiki wa kila siku, kisha wakamgeukia yule wa zamani, walituma zaidi ya nusu yao. Mkono ulikuwa umeshapata joto.

Huku kwetu kuna kikwazo kingine, nacho kiko upande wa anayepokea. Ujumbe kutoka namba ngeni unaoanza kwa undani mkubwa, kila mtu anajua umekuja na nini. Ama ni tapeli wa ile hela itumwe kwenye namba hii, ama ni kadi ya mchango wa harusi, ama mtu amekwama anataka mkopo, ama kuna msiba. Rafiki yako akisoma mstari wa kwanza anakuwa tayari anatafuta hilo ombi liko wapi. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza una kazi mbili kabla ya kumfurahisha: umhakikishie kwamba ni wewe kweli, na umtoe hofu kwamba unataka kitu.

Jina peke yake halitoshi kuhakikisha. Majina yanafanana, wanawake wengi siku hizi wanatumia la mume, na namba isiyotumika muda mrefu kampuni ya simu humpa mteja mwingine, kwa hiyo huenda anayesoma hata si yeye. Kinachohakikisha ni jambo moja mlilolishuhudia wawili, dogo kiasi kwamba mtu wa nje hawezi kulitunga. Si “nakumbuka tulivyokuwa tunasoma kwa bidii.” Mimi nilichagua usiku wa mvua za El Nino, mwishoni mwa 1997, tulipokuwa tukijiandaa na mtihani wa kidato cha pili. Bati la bweni lilivuja juu ya kitanda chake, akashukia kwangu na godoro lake, na tranka lake tukalifunika kwa kanga yangu ili madaftari yasilowe.

Epuka mchezo wa “hebu nitambue mimi nani.” Unampa mtihani mtu uliyekuja kumsalimu, na akishindwa ataona aibu, anyamaze. Miaka kadhaa nyuma nilimwandikia mwenzetu mwingine hivyo, nikaongeza, “Umepotea sana, umeshatusahau.” Alijibu neno moja, “Nani?”, na nilipojitaja hakurudi tena. Nimeyafikiria sana yale maneno yangu. “Umepotea” tunalisema kila siku kwa mapenzi, lakini kwa mtu wa miaka ishirini na ushee ni shtaka: wewe ndiye uliyeondoka. Lugha yetu ina neno la haki zaidi, “tumepoteana.” Herufi tatu zile za mwisho zinaugawa ukimya ule sawasawa, na hakuna anayedaiwa maelezo. Ukisema tumepoteana, huhitaji aya nzima ya kuomba radhi, ambayo nayo humlazimisha mwenzako akufariji.

Kisha maswali. “Umeolewa? Una watoto wangapi? Unafanya kazi wapi? Mama hajambo?” Kila swali hapo linaweza kumkanyaga mtu penye kidonda: ndoa iliyovunjika, mtoto aliyezikwa, kazi iliyokwisha, mama asiyekuwepo tena. Barua zetu za shule zilikuwa na adabu nzuri ya jambo hili. Ulitaja kwamba wewe ni mzima, ukaulizia hali yake kwa jumla, ukamalizia kwa salamu za nyumbani bila kumtaja mtu. Adabu hiyo inafaa hadi leo. Jieleze wewe kwanza kwa sentensi moja, naye ataona aeleze kiasi gani. Swali liwe moja, la kujibika vyovyote.

Nilichotuma, nikiacha majina, ni hiki:

“Habari za siku nyingi, jirani yangu wa kitanda cha juu! Tumepoteana mno. Ni mimi wa kitanda cha chini, yule mliyebanana usiku wa mvua za El Nino bati lilipovuja, tranka lako tukalifunika kwa kanga yangu. Namba yako nimepewa na aliyekuwa dada mkuu wetu, ameniambia alikuuliza kwanza. Sina shida yoyote wala mchango. Juzi mvua ilinyesha usiku kucha nikakukumbuka, nikasema nikusalimu. Mimi mzima, niko Morogoro, nafundisha. Wewe uko pande zipi siku hizi? Usijisumbue kujibu haraka, hata mwezi ujao sawa. Wasalimie wote nyumbani.”

Nilituma Jumamosi saa kumi jioni. Simu kulia saa tano usiku kwetu ni habari ya kifo, na asubuhi ya Jumatatu mtu yuko kwenye daladala. Sikupiga pia, kwa sababu simu inamtaka ajibu papo hapo, wakati maandishi yanamwachia nafasi ya kukaa nayo. Sauti ya kurekodi niliiweka akiba kwa mara ya pili.

Tiki zikabaki moja siku nzima, kisha mbili, kisha buluu, bila neno. Hapo ndipo wengi huharibu kwa kutuma alama ya kuuliza. Buluu inaonyesha amefungua tu. Pengine anatafuta maneno kama ulivyoyatafuta wewe miezi saba. Nilikuwa nimeamua kusubiri hadi Januari, matokeo ya kidato cha nne yakitoka nimsalimie mara moja tena kwa kumbukumbu ya matokeo yetu, na akinyamaza nimwache kwa amani.

Siku ya tano ikaingia sauti yake, dakika nne na nusu. Alianza kwa kucheka, akalia kidogo, akaendelea. Mama yake alifariki mwaka uliofuata baada ya sisi kumaliza shule, na hiyo ndiyo sababu barua zilikatika. Yuko Kahama, ana duka la vitenge. Mwishoni, akiwa ameshaniaga, akarudi kuuliza kama ile kanga ya kufunikia tranka iliwahi kutakata tope.

Haikutakata. Nilimrekodia jibu usiku uleule, na mara hii sikusita.