Methali na Salamu Ndefu katika Barua ya Biashara

Barua ya biashara ya Kiswahili hubeba mambo mawili kwa pamoja: shughuli na uhusiano. Shughuli ni fedha, mzigo, tarehe au huduma inayotakiwa. Uhusiano ni heshima iliyopo kati ya anayeandika na anayeandikiwa, ile inayofanya ombi lisikilizwe. Salamu na methali ni za upande wa uhusiano. Huisaidia barua zinapoitengenezea shughuli njia, na huiharibu zinapokalia nafasi yake. Jambo hilo huonekana wazi zaidi katika barua ya kudai deni. Humo ndimo mwandishi huona haya kutamka anachotaka, na humo ndimo kila shilingi inapaswa kutajwa.

Salamu ndefu zilikotoka

Mazoea ya kufungua barua kwa maneno mengi ni ya zamani pwani. Barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, kama zile alizokusanya Karl Büttner na kuzichapisha Ujerumani mwaka 1892, zina mpangilio unaofahamika: jina la mwandikiwa pamoja na sifa zake, salamu, habari ya hali, ndipo shughuli. Mpaka kati ya salamu na shughuli uliwekwa na maneno kama "ama baada ya salamu". Msomaji aliyeyafikia alijua kwamba sasa ndiyo habari yenyewe.

Salamu hizo zilikuwa na kazi. Barua ilisafiri kwa jahazi au kwa msafara, na huenda majuma kadhaa yakapita kabla haijafika. Kwamba mwandishi alikuwa mzima siku alipoandika ilikuwa habari yenye thamani. Siku hizi watu wawili wanaofanya biashara hujuliana hali kwa simu, na mara nyingi barua husomwa kwenye simu hiyohiyo, ambako mistari michache ya mwanzo ndiyo inayoonekana kabla ujumbe haujafunguliwa. Mistari hiyo ikijaa "natumaini u buheri wa afya", mpokeaji hatajua kama ameandikiwa kuhusu deni, harusi au mzigo uliochelewa.

Ofisi nazo zimezalisha pambo lao. Barua nyingi za Tanzania huanza kwa "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Sentensi hiyo ina sura ya kikazi, lakini haimwambii msomaji lolote ambalo hakulisoma katika mstari uliotangulia. Ni pambo sawa na salamu ndefu, tena halina hata joto la salamu.

Barua iliyozidiwa na mapambo

Mfano ni wa muuzaji wa jumla wa unga anayeidai bekari. Tarehe 4 Machi alipeleka mifuko 40 ya unga wa ngano kwa shilingi 40,000 kila mfuko, jumla shilingi 1,600,000, kwa makubaliano ya kulipwa ndani ya siku 30. Bekari ililipa shilingi 700,000 tarehe 20 Machi, kisha ikanyamaza. Ilipofika tarehe 22 Aprili, siku 19 baada ya muda kupita, muuzaji aliandika hivi:

"Kwa heshima na taadhima, natumaini barua hii itakukuta ukiwa buheri wa afya pamoja na familia yako yote. Sisi huku hatujambo kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Ningependa kuchukua nafasi hii kukukumbusha kwamba wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, tena ahadi ni deni. Uhusiano wetu mwema ni wa muda mrefu na tusingependa uharibike. Hivyo basi tunaomba utufikirie kuhusu ule mzigo wa unga, kwani nasi tunadaiwa. Mwenye macho haambiwi tazama."

Barua hii ni ya adabu, lakini haina kiasi, haina tarehe wala namba ya ankara. Haisemi mwenye bekari afanye nini, wala lini. Anaweza kujibu kwa uaminifu kabisa kwamba amewafikiria, na deni likabaki palepale. Shauri likifika mahakamani na barua hii ikatolewa kama kielelezo, itathibitisha kwamba kulikuwa na mzigo wa unga na mtu aliyekumbushwa jambo. Kiasi itabidi kithibitishwe kwa hati nyingine.

Barua iliyozidiwa hivi hutambulika kwa majibu yake. Mpokeaji hujibu salamu na kuacha shughuli, au hupiga simu kuuliza barua inataka nini, au hujibu methali kwa methali. Anayeambiwa "ngoja ngoja huumiza matumbo" anayo "haraka haraka haina baraka" mkononi, na mazungumzo yakifika hapo hakuna kilicholipwa.

Methali humweka nani juu

Tatizo la pili la barua hiyo ni la cheo. Methali ni kauli ya wahenga, na anayeitamka huazima ukubwa wao. Mzee akimpa kijana methali, ukubwa huo uko mahali pake. Mfanyabiashara akimpa mteja wake methali ya kumwonya, amejifanya mzazi wake. Mteja mtu mzima hulihisi hilo mara moja, hasa barua ikisomwa na karani kabla ya kumfikia. "Dawa ya deni ni kulipa" kutoka kwa mdai ni karipio, na "mwenye macho haambiwi tazama" ni kitisho kisichosema kinatisha kwa lipi.

Methali hiyohiyo hubadilika ikitoka kwa mdaiwa. Mwenye bekari akiandika, "Dawa ya deni ni kulipa, nasi tumeweka leo shilingi 450,000 katika akaunti yako, zilizobaki tutazilipa tarehe 20 Mei," amejionya mwenyewe, amekiri deni, na amefuatisha kauli kwa tendo. Hapo methali imesaidia, kwani imeonyesha kwamba mwandishi haoni haya kubeba mzigo wake. Kanuni inayotokana na mfano huu ni nyepesi kukumbuka: methali inayomfunga anayeandika hujenga imani, inayomfunga anayeandikiwa huleta ubishi.

Kuna mahali pengine pawili ambapo methali hukaa vizuri. Pa kwanza ni barua ya shukrani au ya kufunga mwaka, ambayo haidai kitu. Humo sentensi moja ya wahenga huongeza uchangamfu. Pa pili ni pale methali inapoeleza utaratibu ambao pande zote mbili zimeukubali. Msambazaji anayewajulisha wateja wote kwamba kuanzia sasa kila mzigo utasainiwa wakati wa kupokelewa anaweza kutaja "mali bila daftari hupotea bila habari", kwa kuwa kauli hiyo inatoa sababu na haimlengi mtu. Hata hapo, methali moja inatosha, na ije baada ya taarifa.

Kupunguza hatua kwa hatua

Njia nzuri ni kuandika rasimu nzima kwanza, pamoja na mapambo yake, kisha kuipitia kwa kalamu. Hatua ya kwanza ni kupigia mstari kila sentensi yenye kiasi, tarehe, namba ya hati au tendo linaloombwa. Katika barua ya unga hakuna hata moja, na hilo peke yake linaonyesha ugonjwa ulipo. Mambo hayo huandikwa kwanza.

Hatua ya pili ni kuzigawa sentensi zilizobaki katika mafungu matatu: za salamu, za uhusiano na za kufundisha. Salamu hupunguzwa hadi sentensi moja fupi. Uhusiano hubaki ikiwa unaweza kugeuzwa kuwa jambo la kweli: "uhusiano wetu mwema wa muda mrefu" ni maneno yanayomfaa mteja yeyote, lakini shukrani kwa malipo ya tarehe 20 Machi ni ya mteja huyu tu. Za kufundisha hufutwa, isipokuwa ile inayomgusa mwandishi mwenyewe.

Hatua ya tatu ni kuondoa maneno pacha na maneno ya kujongea. "Heshima na taadhima" ni jambo moja. "Ningependa kuchukua nafasi hii kukukumbusha" hupungua na kuwa "tunakukumbusha", na "hivyo basi tunaomba" huwa "tunaomba". Baada ya hapo barua ya unga inakuwa hivi:

"YAH: SALIO LA ANKARA NA. 118, SHILINGI 900,000

Habari za kazi. Tarehe 4 Machi tulikuletea mifuko 40 ya unga wa ngano yenye thamani ya shilingi 1,600,000. Tunakushukuru kwa shilingi 700,000 ulizolipa tarehe 20 Machi. Salio la shilingi 900,000 lilitakiwa kulipwa ifikapo tarehe 3 Aprili, na hatujalipokea.

Tunaomba ulilipe ifikapo tarehe 6 Mei. Ikiwa kiasi chote ni kizito kwa sasa, tafadhali tujulishe kabla ya tarehe 29 Aprili ili ulipe kwa awamu mbili za shilingi 450,000, tarehe 6 na tarehe 20 Mei. Tumeambatisha nakala ya ankara pamoja na hati ya kupokea mzigo iliyosainiwa kwako."

Heshima haijapotea. Imehamia katika "habari za kazi", katika shukrani kwa malipo yaliyofanyika, katika "tunaomba" na "tafadhali", na zaidi katika nafasi ya kulipa kwa awamu. Nafasi hiyo inamhifadhia mwenye bekari uso wake kuliko methali yoyote, kwa sababu inampa njia ya kujibu hata kama mfuko wake hautoshi.

Mpaka wa kupunguza

Kupunguza nako kuna kikomo. Barua inayosema tu "Lipa shilingi 900,000 kabla ya tarehe 6 Mei" itasomwa kama shari, na mpokeaji atatafuta ugomvi uliosababisha ukavu huo. Barua ya kwanza ya kumkumbusha mtu haistahili ukavu wa barua ya wakili.

Mahali na mtu huamua pia. Unguja, Mombasa au Lamu, mwandishi Mwislamu anayemwandikia Mwislamu mwenzake akiacha "Assalaam alaykum", kuachwa kwake huonekana. Salamu hiyo haichukui nafasi na haifichi shughuli, kwa hiyo hubaki. "Shikamoo" humfaa mzee anayefahamika, wala haifai kupelekwa kwa ofisi. Na mpokeaji akiwa amefiwa, ameugua au ameunguliwa na duka, pole huacha kuwa pambo. Huja kwanza, katika aya yake, na kama deni linaweza kusubiri, hupelekwa peke yake na deni huandikiwa barua nyingine.

Kabla ya kutuma, barua isomwe kwa sauti mbele ya mtu asiyejua habari zake, kisha aulizwe nani anatakiwa kufanya nini, kwa kiasi gani na lini. Akijibu yote bila kuitazama tena, barua iko tayari. Akikumbuka methali peke yake, methali hiyo ifutwe.