Uwiano wa Nafasi Baina ya Waamuzi Wawili: Tatizo la Sare katika Mashindano ya Mashairi

Utangulizi

Katika mashindano ya utunzi wa mashairi, ni desturi kila shairi kusomwa na waamuzi wawili, kisha alama zao zikajumlishwa na kugawanywa kwa mbili. Wastani huo ndio unaoamua nani atapewa tuzo. Hata hivyo, wastani huficha jambo moja: iwapo waamuzi hao walikuwa wakiona ubora mahali pamoja, au kila mmoja alikuwa na mizani yake. Makala haya yanadhamiria kueleza namna jambo hilo linavyoweza kupimwa kwa uwiano wa nafasi, kipimo kilichoasisiwa na mwanasaikolojia Mwingereza Charles Spearman mnamo mwaka wa 1904. Mkazo utatiwa kwenye sare, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukosea.

Mfano wa Mashairi Manane

Tuchukue mfano wa kubuni wa mashairi manane, A hadi H, yaliyotuzwa alama kwa mia.

| Shairi | Mwamuzi wa 1 | Mwamuzi wa 2 |
|---|---|---|
| A | 82 | 95 |
| B | 75 | 60 |
| C | 75 | 62 |
| D | 70 | 58 |
| E | 68 | 60 |
| F | 64 | 55 |
| G | 60 | 60 |
| H | 50 | 54 |

Ni dhahiri kuwa waamuzi hawa hawatumii mizani sawa. Wa kwanza ametawanya alama zake kwa utaratibu kutoka juu hadi chini. Wa pili amevutiwa mno na shairi A, kisha mengine yote akayabana kati ya 54 na 62. Kwa hiyo kuulizana kama 75 ya mmoja ni sawa na 60 ya mwingine hakuna tija. Swali lenye maana ni hili: je, wanayapanga mashairi kwa mfuatano unaokaribiana?

Kugawa Nafasi Penye Sare

Hatua ya kwanza ni kugeuza alama ziwe nafasi. Kwa mwamuzi wa kwanza, A ni wa 1. B na C wamefungana, nao kwa pamoja wanakalia nafasi ya 2 na ya 3. Kila mmoja hupewa wastani wa nafasi hizo, yaani 2.5. D anafuata akiwa wa 4, na mfuatano unaendelea hadi H wa 8. Kwa mwamuzi wa pili, A ni wa 1 na C wa 2. B, E na G wana alama 60 kila mmoja, nao wanakalia nafasi za 3, 4 na 5. Hivyo kila mmoja hupewa 4. D ni wa 6, F wa 7 na H wa 8.

Kuna njia rahisi ya kuhakiki kazi hii. Jumla ya nafasi za vitu vinane lazima iwe 36, kuwe na sare au kusiwe. Mtu akiwapa B na C nafasi ya 2 wote wawili, kama ifanywavyo katika ripoti za mitihani, kisha aendelee na 4, atapata 35 na kujua kwamba amepotoka.

Kosa baya zaidi ni kuzivunja sare kwa kufuata mpangilio wa orodha, kwa sababu jumla hubaki 36 na kosa halionekani. Athari yake itadhihirika hivi punde.

Kukokotoa

Tofauti ya nafasi kwa kila shairi hutafutwa, kisha ikazidishwa kwa yenyewe. Kwa A na H tofauti ni 0. Kwa B ni 1.5, ambayo mraba wake ni 2.25, kwa C ni 0.5, mraba 0.25, kwa D ni 2, mraba 4, kwa E na F ni 1 kila mmoja, na kwa G ni 3, mraba 9. Jumla ya miraba ni 17.5. Kanuni inayofahamika ni:

ρ = 1 − 6Σd² / n(n² − 1)

Kwa n = 8, jibu ni 1 − 105/504, yaani 0.792.

Lau sare zingevunjwa kwa kufuata alfabeti, B akitangulia C, na B, E, G wakawa wa 3, 4 na 5, jumla ya miraba ingekuwa 12 na jibu 0.857. Orodha hiyohiyo ikisomwa kutoka chini kwenda juu, jumla huwa 26 na jibu hushuka hadi 0.690. Alama ni zilezile na waamuzi ni walewale. Kilichobadilika ni mpangilio wa majina kwenye karatasi tu.

Ikumbukwe pia kwamba kanuni iliyotajwa imejengwa juu ya dhana kwamba hakuna sare. Palipo na sare, nafasi hutawanyika kidogo kuliko kanuni inavyotarajia. Njia sahihi ni kuzichukua nafasi zenyewe, zikiwemo 2.5 na 4, na kuzikokotolea uwiano wa kawaida wa Pearson. Matokeo yake hapa ni 0.785. Tofauti na 0.792 ni ndogo kwa sababu sare ni chache. Mwamuzi anayegawa alama 60, 65 na 70 pekee huzalisha sare nyingi, na hapo kanuni fupi haifai.

Kulinganisha na Uwiano wa Kawaida

Uwiano wa Pearson ukikokotolewa kwa alama zenyewe, badala ya nafasi, hutoa 0.678. Chanzo cha upungufu huo ni alama 95 ya shairi A. Mwamuzi wa pili angempa A alama 70 badala ya 95, uwiano wa alama ungepanda hadi 0.807, ilhali uwiano wa nafasi ungebaki 0.785, maadamu A angali wa kwanza.

Jambo hili si la kinadharia tu. Kwa vitu vinane, majedwali ya takwimu huhitaji uwiano wa nafasi ufikie takribani 0.738, na uwiano wa alama 0.707, ili makubaliano yasihesabiwe kuwa ya kubahatisha kwa kiwango cha asilimia 5. Kwa kipimo cha nafasi, waamuzi hawa wamevuka. Kwa kipimo cha alama, hawajavuka. Anayechagua kipimo baada ya kuona matokeo anaweza kutetea kauli yoyote aitakayo. Sharti kipimo kichaguliwe kabla ya mashairi kusomwa.

Hitimisho

Uwiano wa nafasi una mipaka yake. Mwamuzi anayempunguzia kila mtunzi alama 20 atapata uwiano kamili wa 1 na mwenzake asiyefanya hivyo. Mfuatano ni mmoja, ukali ni tofauti. Vilevile, ulinganifu wa nafasi hauponyi dosari ya wastani: katika mfano huu, alama 95 bado ingempa A wastani wa 88.5 dhidi ya 68.5 wa C, anayemfuata.

Faida kubwa ya hesabu hii, pengine, imo katika safu ya tofauti kuliko katika jibu la mwisho. Shairi G peke yake limechangia 9 kati ya 17.5, zaidi ya nusu ya mfarakano wote. Kabla ya tuzo kutangazwa, shairi hilo ndilo linalostahili kurejeshwa mezani, waamuzi walisome tena na kila mmoja aeleze alichokiona.