Fundi, Niambie Tarehe

Mteja anayesubiri kabati hasomi ujumbe wa fundi wake kwa kufuata mstari baada ya mstari. Macho yake yanatafuta kitu kimoja: lini? Tuchukue mfano wa seremala wa Keko, Dar es Salaam, aliyeahidi kabati la nguo Ijumaa tarehe 14. Leo ni Jumanne tarehe 11, na ameshajua kuwa hatawahi. Ujumbe wake unakuja hivi:

“Shikamoo mama, pole na majukumu. Mama yangu, kwanza naomba unisamehe sana, tena sana, najua nimekukosea na hata sijui nianzie wapi. Wiki hii imekuwa ngumu mno, umeme unakatika kila siku, kijana wangu wa kazi ameenda msibani kwao Singida, na mimi mwenyewe mgongo ulinibana siku mbili. Halafu hizi mbao nazo zimenisumbua. Wallahi mama si kawaida yangu, muulize mteja yeyote niliyemfanyia kazi. Nimewaza hadi usingizi umekata. Naomba univumilie kidogo tu, nipo nalimalizia, siku si nyingi nitakuletea mwenyewe hadi mlangoni. Usinichoke mwanao.”

Maneno yote hayo, tarehe hakuna. Kuna sababu nne, na huenda zote ni za kweli, lakini zikipangwa pamoja kila moja inaitilia shaka mwenzake. Mama atajiuliza: ni umeme, ni msiba, ni mgongo au ni mbao? Na ile iliyokwamisha kazi hasa, yaani mbao, imetajwa kwa haraka tu, bila kusema zimefanya nini. Zaidi ya hayo, “siku si nyingi” inamwachia mama kazi ya kupiga simu kila asubuhi.

Kabla ya kuandika upya, fundi aweke simu chini ahesabu kazi iliyobaki. Milango miwili imepinda kwa kuwa ilitengenezwa na mbao ambazo hazijakauka vizuri. Kuitengeneza upya ni siku mbili, tarehe 12 na 13. Kupiga msasa ni tarehe 14. Vanishi ni mikono mitatu, na kila mkono anauacha ukauke hadi kesho yake: tarehe 15, 17 na 18, maana Jumapili hafanyi kazi. Kufunga bawaba na kupeleka mzigo ni Jumatano tarehe 19. Hapo ndipo wengi hukosea, wakaahidi Jumatano ileile. Umeme ukikatika mara moja tu, ahadi imevunjika tena. Fundi makini anaongeza siku mbili, anasema Ijumaa tarehe 21.

Sasa aandike:

“Shikamoo mama. Kabati halitakuwa tayari Ijumaa hii. Milango miwili imepinda kwa sababu nilitumia mbao ambazo hazijakauka. Kosa ni langu, samahani. Naitengeneza upya, naomba nikuletee Ijumaa tarehe 21 kabla ya saa 9 alasiri. Ukipenda, bodi na rafu nizilete wiki hii, milango nije kuifunga tarehe 21. Naomba unijibu leo.”

Shikamoo imebaki, kwa sababu adabu haikuwa tatizo. Samahani ni moja, nayo imekaa karibu na kosa lenyewe. Sababu ni moja, tena inaweza kuonekana: picha ya mlango uliopinda ikiambatanishwa, hakuna haja ya kiapo. Mama pia amepewa njia ya kupunguza usumbufu, kwani anaweza kupanga nguo kwenye rafu hata kabla ya milango kufika.

Sentensi ya mwisho ina uzito wake. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, anayeweza kuongeza muda ni yule aliyeahidiwa. Kutuma ujumbe si kukubaliwa. Mama asipojibu, tarehe 14 bado inasimama, na fundi inambidi apige simu.

Kuna mahali ambapo ujumbe mzuri hausaidii. Gauni la harusi ya Jumamosi haliwezi kuombewa Jumatatu. Hapo cha kumpa mteja ni fundi mwingine au fedha zake, mapema iwezekanavyo. Vilevile, ujumbe wetu ulipata nguvu kwa kutumwa siku tatu kabla. Maneno yaleyale yakifika Ijumaa jioni, mama akiwa ameshahamisha kitanda kupisha kabati, yatasomeka kama kisingizio.

Kwa hiyo, kabla hujautuma ujumbe wako, tafuta tarehe ndani yake. Usipoiona, bado hujaomba kitu.