Fundi Aliyebanwa na Mtambo: Jumla ya Wengi au Sababu ya Kila Mmoja?

Wanafalsafa wanabishana siku nyingi juu ya swali hili: ni kitu gani hasa kinachofanya tendo liwe kosa? Tutatazama majibu mawili yanayopingana, na tutayapima kwa ajali ya mfanyakazi mmoja. Mfano huo wa kubuni umo katika kitabu alichotoa mwaka 1998 T. M. Scanlon, mwanafalsafa wa Marekani.

Fundi aitwaye Jones yumo katika chumba cha mitambo ya kurushia matangazo ya televisheni. Chombo cha umeme kimemwangukia mkononi. Kiganja kimepondeka, na umeme unampiga kwa maumivu makali mno. Akingoja, jeraha halitazidi, ila mateso yataendelea. Ili kumtoa, lazima mtambo uzimwe kwa dakika 15. Lakini wakati huo watu wengi wanatazama mchezo wa Kombe la Dunia, nao utakwisha baada ya saa nzima. Je, mtambo uzimwe sasa, au Jones angoje?

Jibu la kwanza ni la wale wanaopima tendo kwa matokeo yake. Mashuhuri kati yao ni Jeremy Bentham na John Stuart Mill wa Uingereza. Wao husema: jumlisha raha na maumivu ya watu wote, kisha fanya lile lenye jumla bora. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mateso ya Jones ni vipimo 100,000, na kila mtazamaji akikatiwa mchezo anapoteza kipimo 1. Watazamaji wakiwa 50,000, Jones atatolewa. Wakiwa milioni 1, hesabu inasema angoje.

Mtetezi wa njia hii atajibu kwamba mateso yapewe uzito mkubwa zaidi, na hofu itakayowaingia mafundi wengine nayo itiwe katika hesabu. Ni haki yake, kwani hayo nayo ni matokeo. Lakini hata tukifikisha vipimo milioni 10, tukiongeza watazamaji tunarudi pale pale. Burudani ndogo ndogo za wengi zikikusanywa zaweza kufunika mateso ya mtu mmoja.

Jibu la pili ni la Scanlon mwenyewe, nasi tuliite maadili ya mapatano. Kwake, tendo ni kosa likiwa limekatazwa na kanuni ambazo hakuna mtu angeweza kuzikataa kwa sababu ya haki. Hapa hapana mkataba uliotiwa sahihi, wala kura ya wengi wape. Ukaidi nao hautoshi. Anayekataa kanuni lazima alinganishe mzigo wake na mzigo utakaomwangukia mwenzake kanuni nyingine ikishika nafasi.

Basi tuzipime kanuni mbili. Ya kwanza yasema: mtu akipatwa na mateso kama haya, mtambo uzimwe. Nani atalalamika? Mtazamaji, naye malalamiko yake ni kukosa dakika 15 za mchezo. Kanuni ya pili yasema: aachwe mpaka mchezo uishe. Jones atalalamika kwamba amepigwa na umeme saa nzima. Ukiyaweka malalamiko hayo mawili ana kwa ana, la Jones ni zito mara nyingi. Mtazamaji haruhusiwi kuja na gunia la malalamiko ya wenzake. Kila mtu husema kwa nafsi yake. Kwa hiyo wawe elfu au milioni 100, jibu ni lile lile: zima mtambo.

Lakini njia hii nayo ina pale inapokwama. Tuseme mtu 1 amenaswa chumba kimoja na watu 5 wamenaswa chumba cha pili, wote wanakaribia kufa, na twaweza kufika chumba kimoja tu. Lalamiko la kila mmoja ni sawa na la mwenzake. Ikiwa hatujumlishi, kwa nini tuwaendee wale 5? Scanlon hujibu hivi: mmoja kwa mmoja, mizani imesimama sawa. Mtu wa pili katika wale 5 aweza kusema kwamba tukiamua kana kwamba hayupo, maisha yake hayakuhesabiwa kitu. Sababu yake ndiyo inayoinamisha mizani. Wapinzani wanasema huko ni kuiingiza jumla kwa mlango wa nyuma, na ubishi huo haujakwisha.

Hapo ndipo njia hizi mbili zinapoachana. Moja huuliza jumla ni ngapi. Nyingine huuliza ni nani anayebeba mzigo mzito kuliko wote, na kama twaweza kumtazama usoni na kumpa sababu ambayo hawezi kuikataa kwa haki. Kwa Jones, sababu hiyo haipo.